Ndugu Wanahisa, Lengo Halikufikiwa

Wanahisa wa kwanza wa kampuni changa kwa kawaida si benki wala mifuko mikubwa ya uwekezaji. Ni shangazi aliyetoa sehemu ya kiinua mgongo chake, ni marafiki wa chuo waliochangishana, ni mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyemwona kijana akihangaika na kazi yake akaamini kwamba ataifikisha mahali. Walinunua hisa wakati kampuni haina jina. Leo hawawezi kuziuza kirahisi, kwa sababu hisa za kampuni binafsi haziuzwi kwenye soko la hisa, na hakuna gazeti linaloandika bei yake. Kujua kama fedha zao bado ziko hai, wanategemea barua ya mwanzilishi.

Kwa kampuni kubwa mambo ni tofauti. Kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi inalazimika kutangaza hadharani onyo la faida pale inapoona kwamba faida ya mwaka itashuka kwa asilimia 25 au zaidi ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Kampuni binafsi haina sharti hilo. Katika Tanzania, sheria inaitambua kampuni binafsi kuwa ni ile isiyozidi wanachama 50, bila kuhesabu wafanyakazi wake wenye hisa, na isiyoualika umma kununua hisa zake. Wanachama hao wana haki ya kupata hesabu za mwaka, lakini hesabu za mwaka huja zimechelewa, na haziwaambii kwa nini lengo la mauzo lilikosekana. Barua ya kila robo mwaka inatokana na mkataba wa wanahisa, ikiwa waliuandika vizuri, au na uungwana wa mwanzilishi. Kwa hiyo ubora wa barua hiyo hauna msimamizi isipokuwa msomaji mwenyewe.

Nimeona barua nyingi za aina hii, na naamini kinachotenganisha nzuri na mbaya ni kitu kimoja. Barua nzuri humpa mwanahisa uwezo wa kuhakiki anachoambiwa. Barua mbaya humtaka aamini tu. Njia nyepesi ya kuiona tofauti hiyo ni kuchukua kampuni moja ya mfano na kuipitia hesabu yake hatua kwa hatua. Kampuni hiyo nimeitunga, lakini biashara yenyewe inafahamika vizuri katika Nyanda za Juu Kusini.

Tuseme kampuni iko Makambako. Inauza mifuko ya kuhifadhia mahindi isiyopitisha hewa: matabaka mawili ya plastiki nzito ndani, na mfuko wa kawaida wa kusuka nje. Mkulima akiyafunga mahindi yake makavu humo, wadudu waliomo hutumia oksijeni iliyobaki, ikiisha wanakufa. Dumuzi hapati nafasi, na hakuna haja ya dawa. Kampuni inawauzia mawakala wa pembejeo mfuko mmoja kwa shilingi 5,000. Msimu uliopita iliuza mifuko 110,000. Mwaka huu mwanzilishi aliwaahidi wanahisa mifuko 200,000, yaani mauzo ya shilingi bilioni moja. Msimu umekwisha, ni mwisho wa Septemba, na mifuko iliyouzwa ni 130,000. Mauzo ni shilingi milioni 650.

Aya ya kwanza

Mwanzilishi akikaa kuandika, mkono wake utavutwa kuelekea sentensi moja: mauzo yamekua kwa asilimia 18. Ni kweli kabisa. Kutoka 110,000 kwenda 130,000 ni ongezeko la asilimia 18, na katika biashara ya vijijini hilo si jambo dogo. Tatizo ni kwamba mwanahisa hakuambiwa asilimia 18. Aliambiwa mifuko 200,000, na kwa msingi huo alikubali kampuni iagize mzigo, iajiri watu wawili zaidi, ikodi ghala kubwa. Gharama zote zilipangwa kwa lengo lile. Ukuaji wa asilimia 18 ukitangulia na lengo likafichwa ukurasa wa tatu, msomaji anapewa habari njema ya kampuni nyingine, ile ambayo haikutumia fedha kama hii ilivyotumia.

Aya ya kwanza ingekuwa hivi:

"Ndugu Wanahisa, tulipanga kuuza mifuko 200,000 msimu huu. Tumeuza 130,000, ambayo ni asilimia 65 ya lengo. Msimu uliopita tuliuza 110,000. Tuna fedha benki za kutufikisha mwisho wa Machi kwa matumizi ya sasa. Katika barua hii naeleza mifuko 70,000 iliyopungua ilipotea wapi, fedha zetu zimesimamaje, na uamuzi ninaouomba kwenu kabla ya mwisho wa Oktoba."

Hakuna pambo hapo. Lengo, matokeo na mwaka uliopita vimekaa pamoja, na fedha zilizobaki zimetajwa mapema, kwa maana mwanahisa yeyote anayesoma kwamba lengo limekosekana swali lake la pili ni kama kampuni itafika msimu ujao.

Kabla ya kuendelea, kuna namba moja inayohitaji kukaguliwa: hiyo 130,000 yenyewe. Mawakala wa pembejeo hununua kwa njia mbili. Wapo wanaonunua moja kwa moja, kwa fedha taslimu au kwa deni lenye tarehe ya kulipa. Wapo wanaochukua kwa mali kauli, yaani wanaweka mifuko dukani, wakiuza wanalipa, wasipouza wanarudisha. Mfuko uliotolewa kwa mali kauli na haujauzwa bado ni mali ya kampuni, hata kama uko Songea kwenye rafu ya mtu mwingine. Kanuni za uhasibu zinasema hivyo, na akili ya kawaida inasema hivyo pia.

Katika mfano wetu, mifuko 20,000 iko madukani kwa mali kauli. Mwanzilishi mwenye haraka angeihesabu, akaandika kwamba ameuza 150,000, asilimia 75 ya lengo, na barua ingesomeka vizuri zaidi. Miezi mitatu baadaye mifuko ingerudi na mauzo yangeshuka bila mtu kuelewa kwa nini. Mwanahisa anaweza kuliuliza hili kwa sentensi moja: kati ya mifuko mliyouza, mingapi inaweza kurudishwa?

Mifuko 70,000 ilikwenda wapi

Hapa ndipo barua nyingi zinapoanguka. Mwanzilishi anaandika kwamba kampuni ilikumbana na changamoto za soko, kupanda kwa gharama na kuchelewa kwa mzigo bandarini. Sababu tatu zinatajwa kwa mfululizo na hakuna hata moja yenye namba. Msomaji hawezi kujua kama mzigo uliochelewa ulileta pengo lote au sehemu ndogo tu. Na tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu sababu moja inaweza kurekebishwa kwa kuagiza mapema na nyingine haiwezi kurekebishwa kabisa.

Pengo linapaswa kugawanywa. Tuseme mwanzilishi wetu amekaa na daftari la oda na kumpigia simu kila wakala, akapata mgawanyo huu: mifuko 30,000 ilikosa wanunuzi kwa sababu mzigo ulichelewa, 25,000 kwa sababu wakulima waliuza mahindi badala ya kuyahifadhi, na 15,000 kwa sababu mawakala wapya waliotarajiwa mkoani Ruvuma hawakupatikana. Jumla ni 70,000. Sehemu hizo tatu haziko sawa hata kidogo.

Tuanze na mzigo. Katika Nyanda za Juu Kusini mahindi huvunwa kuanzia Mei hadi Agosti. Mkulima huyakausha, huyapukuchua, kisha hutafuta mfuko. Akiukosa mwezi Julai, hakusubiri. Anayaweka kwenye viroba vya kawaida akitia dawa, au anauza. Mfuko ukifika katikati ya Agosti, huyo mteja hayupo tena mpaka mwakani. Kwa hiyo mwanzilishi akiandika kwamba mauzo ya mifuko hiyo 30,000 "yamesogezwa mbele", hasemi kweli, hata kama hajui. Kilichobaki ni mifuko. Msimu wenyewe umepotea. Kwa biashara ya saruji au sabuni mauzo yaliyochelewa mwezi mmoja yanaweza kurudi mwezi unaofuata. Kwa biashara inayofuata mavuno hayarudi.

Hata hiyo 30,000 inahitaji tahadhari. Imetoka kwenye ujumbe wa simu wa mawakala walioomba mzigo Juni na Julai wakaukosa. Lakini wakala anapoona bidhaa ni adimu huomba zaidi ya anachohitaji, akitumaini kupata nusu, na mkulima mmoja anaweza kuwa ameulizia kwenye maduka mawili. Mwanzilishi makini ataandika kwamba 30,000 ni kiwango cha juu, na kwamba hasara halisi huenda ni ndogo zaidi. Sentensi kama hiyo hainipunguzii imani naye. Huniongezea, kwa sababu inaonyesha ameijua kazi ya wakala.

Kisha lipo swali la kwa nini mzigo ulichelewa. Barua ikisema "bandarini", soma tena. Plastiki ya ndani, tuseme, huchukua miezi minne tangu malipo ya awali hadi kufika ghalani. Mzigo ulifika katikati ya Agosti. Hesabu miezi minne kurudi nyuma: malipo ya awali yalifanyika katikati ya Aprili. Ili mifuko iwepo Juni, fedha zilipaswa kutoka Februari. Bandari haikuchelewesha kitu. Kampuni ilichelewa kulipa, pengine kwa sababu ilikuwa inasubiri madeni ya mawakala wa msimu uliotangulia. Sasa sababu imebadilika sura. Mwanahisa aliyedhani tatizo ni forodha anaona kwamba tatizo ni ukusanyaji wa madeni, na kwamba lisipotatuliwa litajirudia Februari ijayo.

Kuijaribu sababu

Sehemu ya pili, ile mifuko 25,000, ndiyo ngumu zaidi kuithibitisha. Mwanzilishi anasema bei ya mahindi wakati wa mavuno ilikuwa nzuri, wanunuzi walifika na malori mashambani, wakulima wakauza papo hapo. Inaingia akilini. Mfuko wa kuhifadhia hununuliwa na mtu anayetarajia kwamba bei itapanda baadaye, au anayeweka chakula cha nyumbani. Bei ikiwa nzuri siku ya kuvuna, sababu ya kuhifadhi ili kuuza baadaye inapungua.

Lakini maelezo yanayoingia akilini ni rahisi kuyatunga. Inabidi yajaribiwe, na jaribio lenyewe si gumu. Angalia kwanza rafu za mawakala. Pale ambapo mifuko ilikuwepo Julai na haikununuliwa, tatizo haliwezi kuwa mzigo kuchelewa. Ni wanunuzi waliopungua. Pale ambapo rafu zilikuwa tupu, bei ya mahindi haiwezi kulaumiwa, kwa sababu hakuna aliyepewa nafasi ya kununua. Ile mifuko 20,000 ya mali kauli isiyouzwa ni ushahidi kwamba sehemu fulani ya pengo kweli ilitokana na wanunuzi.

Baada ya hapo linganisha maeneo. Malori ya wafanyabiashara hufika kwa wingi vijiji vilivyo kando ya barabara kuu, na hufika kwa shida vijiji vya ndani. Kama bei nzuri ndiyo iliyozuia mauzo, mawakala wa barabarani waliokuwa na mzigo watakuwa wameuza kidogo kuliko mwaka jana, na wa ndani watakuwa wameuza kama mwaka jana au zaidi. Kama wote wameshuka sawasawa, basi kuna jambo jingine, labda bei ya mfuko wenyewe, labda mshindani, labda mifuko ya mwaka jana ilitoboka na wakulima wameambiana.

Kampuni kubwa hufanya jaribio la aina hiyo hiyo. Julai 2019 Netflix, iliyoanzishwa mwaka 1997 na Reed Hastings na Marc Randolph na wakati huo ikiongozwa na Hastings, iliwaandikia wanahisa wake kwamba katika robo ya pili ya mwaka iliongeza wanachama wanaolipa milioni 2.7 duniani, wakati yenyewe ilikuwa imetabiri milioni 5. Nchini Marekani idadi ya wanachama ilipungua. Kampuni ilikuwa imepandisha bei katika baadhi ya nchi, na wengi walikuwa tayari kusema kwamba bei ndiyo sababu. Barua ikaeleza kwamba utabiri ulikosewa katika kanda zote, ingawa kidogo zaidi katika zile zilizopandishiwa bei. Kwa hiyo bei ilichangia lakini haikutosha kueleza pengo lote. Wakataja pia kwamba filamu na tamthilia za robo ile zilivutia watu wachache kuliko walivyotarajia, na kwamba robo iliyotangulia, iliyoleta wanachama milioni 9.6, huenda ilikuwa imewavuta mapema watu ambao wangejiunga baadaye.

Mtu anaweza kubishana na hoja ya filamu, kwa sababu ni ngumu kuipima, na wawekezaji wengi hawakuridhika: hisa zilishuka kwa takriban asilimia 10 siku iliyofuata. Hata hivyo kuna mambo mawili katika barua ile ambayo mwanzilishi wa Makambako anaweza kuyachukua bila kuwa na idara ya takwimu. La kwanza ni kule kulinganisha mahali ambapo sababu ilikuwepo na mahali ambapo haikuwepo. La pili ni kwamba barua ilitoa utabiri mpya wenye namba, wanachama milioni 7 kwa robo inayofuata, na robo hiyo ilipokwisha kila msomaji aliweza kupima: waliongezeka milioni 6.8.

Sehemu ya tatu ya pengo, ile 15,000 ya Ruvuma, ni fupi kuieleza na chungu kuisoma. Lengo lilidhani mawakala wapya 20 wangepatikana kule. Hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa amesaini siku lengo lilipoandikwa. Mauzo hayo hayakupotea, kwa kuwa hayakuwahi kuwepo popote isipokuwa kwenye karatasi. Hii ndiyo sehemu ambayo mwanahisa anapaswa kuiwekea alama, kwa sababu mwanzilishi ataandika lengo jipya hivi karibuni, na tabia ya kuhesabu mawakala ambao hawajapatikana haiishi kwa msimu mmoja.

Fedha, si mauzo

Kampuni inaweza kukosa lengo la mauzo miaka mitatu mfululizo na ikaendelea kuishi. Fedha zikiisha mwezi mmoja, inakufa. Ndiyo maana sehemu ya fedha ndiyo ninayoisoma kwa kalamu mkononi.

Kampuni yetu ina shilingi milioni 96 benki. Matumizi ya kila mwezi, yaani mishahara, ghala, usafiri na mengineyo, ni milioni 16. Gawanya, unapata miezi sita: Oktoba hadi Machi. Mauzo ya msimu mpya hayaanzi kabla ya Juni. Kuna miezi miwili katikati, Aprili na Mei, isiyo na fedha. Kwa mtazamo wa kwanza pengo ni milioni 32.

Mwanzilishi anasema mawakala wanadaiwa milioni 140, kwa hiyo hakuna wasiwasi. Hapo lazima deni lichambuliwe. Milioni 50 ni za mawakala waliochukua mzigo mwanzoni mwa msimu na hawapokei simu tena. Hizo zisihesabiwe, zikija zitakuwa bahati. Zinabaki milioni 90. Kwa uzoefu wa msimu uliopita, tuseme nusu yake ndiyo hulipwa kabla ya mavuno mengine, nusu nyingine husubiri mpaka wakala ahitaji mzigo mpya. Basi kampuni inaweza kutegemea milioni 45. Ukijumlisha na za benki zinakuwa milioni 141. Matumizi ya miezi minane hadi mwisho wa Mei ni milioni 128. Zinabaki milioni 13. Kampuni inafika Juni, kwa shida lakini inafika.

Barua nyingi zingeishia hapo, na mwanahisa angelala vizuri. Kuna malipo yamesahaulika. Msimu ujao mwanzilishi anapanga kuuza mifuko 150,000. Anayo 70,000 iliyobaki, ambayo ikihifadhiwa mbali na jua na panya itafaa kuuzwa mwakani. Anahitaji mingine 80,000. Kila mfuko unamgharimu shilingi 3,000, kwa hiyo oda nzima ni milioni 240, na mtengenezaji anataka asilimia 30 mapema, ambayo ni milioni 72, mwezi Februari. Toa milioni 72 kwenye zile 13. Kampuni ina upungufu wa milioni 59, na upungufu huo unaanzia mwezi ule ule uliosababisha mzigo kuchelewa mwaka huu.

Hii ndiyo habari yenyewe ya barua. Lengo lililokosekana ni la jana. Milioni 59 za kufika Juni na mzigo mkononi ni jambo la wanahisa kuamua sasa, na mwanzilishi anayewajulisha Septemba anawapa miezi mitano ya kufikiri. Akiwajulisha Februari, anawapa wiki moja na shinikizo.

Njia za kuziba pengo hilo zinapaswa kuwekwa wazi kwenye barua pamoja na bei ya kila moja. Kupunguza oda kunaonekana kuwa busara. Ukiagiza mifuko 40,000 badala ya 80,000, malipo ya Februari yanashuka hadi milioni 36 na upungufu unakuwa milioni 23. Lakini jumlisha 40,000 na ile 70,000 iliyopo: kampuni itakuwa na mifuko 110,000 tu ya kuuza, pungufu ya iliyouza mwaka huu. Atakayechagua njia hii ajue kwamba amechagua kampuni ndogo zaidi.

Njia nyingine ni kuuza hisa mpya. Wanahisa wa kwanza wengi wana haki, kwa mujibu wa mkataba wao, ya kupewa nafasi ya kununua kabla ya mgeni. Asiyeweza kuchangia ataona sehemu yake katika kampuni ikipungua, na kama hisa mpya zitauzwa kwa bei ndogo kuliko aliyolipa yeye, itapungua zaidi. Kwa shangazi mwenye kiinua mgongo hili si jambo la kupitishwa kwa kunyoosha mikono mkutanoni. Anastahili kuandikiwa hesabu ya sehemu yake kabla na baada.

Njia ninayoipa uzito zaidi ni ya kukusanya madeni. Mawakala wakilipa milioni 90 zote badala ya 45, upungufu unashuka kutoka milioni 59 hadi 14. Hakuna hisa iliyouzwa, hakuna oda iliyokatwa. Kwa hiyo kazi ya mwanzilishi kuanzia Oktoba hadi Desemba inapaswa kuwa barabarani, kutoka wakala mmoja hadi mwingine, wala si kutafuta mawakala wapya Ruvuma. Ingewezekana pia kuwapa punguzo dogo watakaolipa kabla ya Krismasi, au kugoma kuwapa mzigo mpya wenye deni la zamani. Barua inayosema hivyo, na kutaja kiasi kitakachokuwa kimekusanywa kufikia tarehe 31 Desemba, imetoa ahadi inayopimika.

Lengo jipya

Mifuko 150,000 ni ongezeko la asilimia 15 juu ya mauzo ya mwaka huu. Je, imetoka wapi? Ikiwa mwanzilishi amechukua 130,000 na kuongeza kiasi kinachopendeza, tumerudi tulikokuwa. Lengo linalostahili kuitwa lengo hujengwa kutoka chini: kila wakala aliyepo, aliuza mingapi mwaka huu, alikuwa na mzigo kwa wiki ngapi za msimu, na angeuza mingapi kama angekuwa nao msimu wote. Jumla ya majibu hayo inaweza kuwa 150,000, inaweza kuwa 142,000. Mawakala wapya wakipatikana, waongezwe siku watakaposaini.

Na bei ya mahindi? Hiyo haiko mikononi mwa mtu yeyote aliyetajwa kwenye barua. Mwanzilishi anaweza kusema tu kwamba ikirudi kuwa nzuri wakati wa mavuno, mauzo yatapungua kwa kiasi kilekile cha mwaka huu, takriban mifuko 25,000, na kwamba ameacha nafasi hiyo kwenye mpango wa fedha. Kama hakuiacha, mwanahisa aulize.

Kuna jambo moja la utaratibu ambalo halipaswi kupuuzwa. Barua hiyo iende kwa wanahisa wote siku moja, maneno yaleyale. Mara nyingi mwanahisa mwenye hisa nyingi hupigiwa simu kwanza na kuelezwa yote, na wengine hupata muhtasari mtamu baada ya wiki mbili. Wa hisa chache ndio mara nyingi waliotoa akiba yao yote, na ndio wanaojua wa mwisho. Kampuni inayowagawa wanahisa wake kwa habari itakuwa na mkutano mgumu siku itakapohitaji kura zao kwa ajili ya hisa mpya.

Kwa hiyo ukipokea barua ya aina hii, usiisome na kuifuta kwenye simu. Ichape, zungushia duara lengo, mauzo, fedha za benki, matumizi ya mwezi na madeni ya mawakala, kisha iweke kwenye faili. Barua ya Januari ikifika, iweke kando yake na usome zote mbili. Kama namba zilizoahidiwa Septemba hazitajwi popote Januari, mwandikie mwanzilishi siku hiyohiyo na umwombe azitaje.